Kabla ya Kuunganisha Madeni, Uliza Utalipa Nini Mwezi wa Mwisho

Ukipita soko la Kariokor mchana, kati ya viondo na sandali za ngozi, utasikia simu zikiita kila dakika. Nyingine ni wateja wanalipa. Nyingine ni jumbe za kukumbusha deni. Wateja wetu wengi wana madeni mawili au matatu ya simu kwa wakati mmoja, na swali wanalotuuliza sana siku hizi ni hili: je, nichukue mkopo mmoja mkubwa nimalize yote?

Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kila deni, na si kwa kila mkopo. Wacha tupige hesabu na fundi wa viatu wa kubuni, ili tusimtaje mtu.

Fundi wetu ana madeni matatu. Kwanza ana 12,000 za mkopo wa mtindo wa M-Shwari, ambao tangu ulipoanza 2012 umejulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Hiyo ni 900. Pili ana 8,000 za apu moja inayotoza asilimia 15 kwa mwezi, yaani 1,200. Tatu ana ovadrafti ya 4,000 kwenye laini yake, ambayo kwa tozo za kila siku humla kama 600 kwa mwezi. Jumla ya deni ni 24,000. Ushuru tumeuweka kando ili hesabu isichoshe.

Kila mwezi analipa, na jioni hiyo hiyo anakopa tena ili anunue ngozi na gundi. Kwa hivyo 2,700 zinatoka kila mwezi na deni linabaki pale pale, 24,000. Baada ya mwaka atakuwa amelipa 32,400 za ada peke yake. Huyu kweli anahitaji kuunganisha.

Sasa tuseme yuko kwenye Sacco na ana akiba ya 8,000. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ukipata wadhamini, kwa hivyo 24,000 inapatikana. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua ni ya kawaida huko. Akilipa 2,000 za deni kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 240, wa pili 220, inashuka hivyo hadi mwezi wa mwisho ni 20. Riba ya mwaka mzima ni 1,560. Mwezi wa kwanza anatoa 2,240, ambazo ni chini ya zile 2,700 alizokuwa akitoa bure, na baada ya miezi 12 hana deni. Hapa hatuna la kubishana.

Lakini wengi hawana Sacco. Wana yule ajenti anayepita sokoni na karatasi: “Tutakulipia madeni yote, wewe utalipa 2,383 tu kwa mwezi.” Ni kidogo kuliko 2,700, kwa hivyo inaonekana ni nafuu. Tusome hiyo karatasi. Mkopo ni 26,000. Ada ya kuandaa mkopo na bima, 2,000, zinakatwa kabla, kwa hivyo mkononi anapata 24,000. Muda ni miezi 24. Riba ni “asilimia 5 tu”, lakini ni kwa mwezi, na inahesabiwa kwa ile 26,000 ya mwanzo hadi siku ya mwisho, hata kama ameshalipa karibu yote. Hiyo ni riba ya 1,300 kila mwezi juu ya 1,083 za deni.

Ndiyo maana tunasema angalia mwezi wa mwisho. Mwezi wa 24 fundi atakuwa amebakisha deni la 1,083, na bado atatozwa riba ya 1,300 juu yake. Riba imekuwa kubwa kuliko deni lenyewe! Jumla atakuwa ametoa 57,200 kwa 24,000 alizopokea. Na karatasi hiyo hiyo inasema cherehani yake ya ngozi ni dhamana. Zile apu zingemsumbua kwa simu na kupeleka jina lake CRB, lakini hazingebeba cherehani.

Kama chaguo ni hilo tu, sisi tungemwambia abaki na madeni yake ya zamani, ila abadilishe namna ya kulipa. Akipata 3,500 kwa mwezi badala ya 2,700, zile 800 za ziada zote ziende kwenye ovadrafti hadi iishe, na asiikope tena. Kisha kila kinachobaki kiende kwa apu ya asilimia 15, halafu deni la 7.5 liwe la mwisho. Kwa hesabu yetu ya karibu karibu anamaliza mwezi wa 13, akiwa ametoa kama 44,000. Tunajua 800 si pesa ya kuokota, na bado jumla ni kubwa, lakini ni 13,000 chini ya mpango wa ajenti, na cherehani iko salama.

Kuna deni moja ambalo halifai kuunganishwa hata na mkopo mzuri. Mikopo mingi ya simu hutoza ada mara moja, siku unapokopa. Ukilipa mapema, ile ada hairudi. Kwa hivyo kama una deni linaloisha baada ya wiki mbili na pesa ya kulilipa unaiona, kuliingiza kwenye mkopo mpya ni kulilipia mara ya pili. Unachookoa ukiunganisha ni zile ada za miezi ijayo ambazo ungezilipa kwa kukopa tena na tena. Kama hukuwa unakopa tena, hakuna cha kuokoa.

Shida iliyobaki ndiyo inayowaangusha hata wale wa Sacco. Deni la simu ukilimaliza, limiti inarudi palepale, na wakati mwingine inapanda kwa sababu umekuwa mteja mzuri. Ujumbe unaingia: “Hongera, sasa unaweza kukopa 10,000.” Fundi akizichukua kwa asilimia 15, mwezi huo ana 2,240 za Sacco na 1,500 za ada, na amerudi kulipa zaidi ya alipoanzia. (Tukiri hapa: sisi ni kampuni ya malipo, na pesa ikizunguka ndivyo tunavyopata. Lakini mteja aliyezama hafanyi biashara.)

Kwa hivyo siku ile ile pesa ya mkopo mpya inapoingia, lipa madeni yote kabla ya kununua hata kiberiti. Salio la ovadrafti likifika sufuri, jiondoe kwenye huduma hiyo kupitia menyu ya laini yako. Kwa apu, kuifuta kwenye simu hakutoshi kwa sababu akaunti bado iko, kwa hivyo waandikie waifunge na uhifadhi jibu lao.

Na kabla ya hayo yote, muulize anayekukopesha maswali mawili, na ayajibu kwa maandishi: nitatoa shilingi ngapi kwa jumla hadi nimalize, na nikilipa yote mwezi wa sita nitadaiwa ngapi? Wa salio linalopungua atakujibu kwa urahisi, maana riba ya miezi iliyobaki inaondoka. Akianza kukueleza kuhusu malipo ya mwezi tu, mrudishie karatasi yake.