Posho ya likizo iombee barua yake

Kila Desemba pale steji ya Ruiru hukosi mtu amebeba begi anaenda ushago, na posho yake ya likizo bado iko ofisini. Itaingia mwisho wa mwezi pamoja na mshahara, wakati nauli alishaikopa. Ukimuuliza anakuambia, "Lakini si niliandika kwa fomu?"

Shida ni hiyo fomu. Fomu ya likizo inaomba siku. Msimamizi anaangalia kama kuna mtu wa kushika shifti yako, anasaini, inaingia kwa faili. Ule mstari wako wa chini, "na posho pia", hana la kuufanyia. Pesa hutolewa na karani wa mishahara, na yeye huenda asiione hiyo fomu kabisa.

Pia ujue unaomba nini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inakupa angalau siku 21 za kazi kila miezi 12, kwa mshahara kamili. Posho haimo humo. Inatoka kwa mkataba wako wa kazi, au ule wa pamoja ambao chama kimesaini na mwajiri. Tafuta kipengele chenyewe na usome masharti. Kampuni zingine hulipa mara moja tu kwa mwaka, ukichukua likizo ndefu. Kama hakuna kipengele, basi unaomba hisani, na lugha lazima ibadilike.

Kuna jamaa wa kiwanda kimoja Thika, kwao ni Busia. Siku zake zilipokubaliwa mapema Novemba, aliandika barua nyingine, fupi:

"Madam, likizo yangu imekubaliwa kuanzia Jumatatu tarehe 8 Desemba. Kulingana na kipengele cha posho katika mkataba wetu, naomba nilipwe kufikia Ijumaa tarehe 5, kwa kuwa nitasafiri Jumamosi. Nimeambatisha nakala ya fomu iliyosainiwa. Asante."

Ona hajalia shida za nyumbani, wala hajasema "haki yangu". Ametaja tarehe mbili na kuweka ushahidi. Madam hana swali la kurudisha, na swali moja tu linaweza kula wiki nzima.

Novemba mapema pia ilikuwa na maana. Hesabu za mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi, na ukichelewa unasukumwa hadi mwezi unaofuata. Kwa hivyo muulize karani mapema hufunga lini.

Jamaa alilipwa Ijumaa hiyo, ila pungufu kidogo ya alivyotarajia, maana posho hukatwa ushuru kama mshahara. Nauli usiipigie hesabu na pesa zote.

Na ukijibiwa kwamba hesabu zimefungwa, usigombane. Uliza kwa upole: "Inawezekana nipewe kama advansi, halafu ikatwe posho ikiingia?" Hiyo wanaweza kuilipa nje ya hesabu za mwezi, bosi akikubali.