Mvuke wa Martin Luther King

Katika hotuba ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, Martin Luther King anawaonya wanaodhani kwamba Weusi walihitaji tu "kupuliza mvuke", kisha watatulia: watapata "mwamko mkali". Ndivyo nilivyotafsiri kwanza, neno kwa neno. Nilipowasomea wenzangu, mmoja aliuliza: mvuke wa sufuria gani? Nikaandika "kutoa dukuduku", wakaelewa. Kwa "mwamko mkali" nilijaribu "watakiona cha mtema kuni". Ni Kiswahili safi, lakini kinatishia adhabu, na King alikataa mabavu. Nikachagua "watagundua walijidanganya". Kwa maoni yangu, msemo kuwa wa asili hakutoshi. Lazima ubebe pia nia ya msemaji.