Pakiti pungufu: Si lazima ununue mota ya bei mbaya

Mkulima wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, anayeuza mtama kwa gunia anajua bei ya gunia, basi. Akiusaga na kuupaki kilo moja moja kwa ajili ya maduka ya Dodoma mjini, anaingia biashara nyingine, ambayo Wakala wa Vipimo huiangalia hadi gramu. Pakiti iliyoandikwa kilo moja ikiwa na gramu 700, ni kosa kisheria, hata kama mwenye mali hakukusudia.

Mashine nyingi ndogo za kupaki unga zina parafujo ndefu ndani ya bomba, inayozungushwa na mota ya hatua, ambayo mafundi huiita stepa. Mota hii haizunguki mfululizo kama ya pampu. Kila pigo la umeme linaisogeza hatua moja, na kwa zile za kawaida hatua 200 ndizo zinazokamilisha mzunguko mmoja.

Chukua mfano wa parafujo inayosukuma gramu 20 kwa kila mzunguko. Kilo moja ni mizunguko 50, yaani mapigo 10,000. Mashine ikituma mapigo 1,000 kwa sekunde, pakiti hujaa kwa sekunde kumi.

Tatizo ni kwamba mashine inahesabu mapigo iliyotuma, si hatua ambazo mota imepiga. Ni sawa na kumwagiza mtu apige hatua 200 shambani amefumba macho: akijikwaa njiani, aliyemtuma ataendelea kuhesabu tu.

Unga wenye unyevu ukiganda na kuwa mzito kuliko nguvu ya mota, mota hupoteza hatua. Kwa mwendo wa polepole hupoteza nne kwa mpigo, maana sumaku zake hujirudia kila baada ya hatua nne. Katika mfano wetu hatua nne ni chini ya nusu gramu, hasara isiyomnyima mtu usingizi. Balaa liko kwenye mwendo wa kasi. Mota iliyoachwa nyuma na mapigo haiwezi kuyafukuzia. Husimama na kunguruma hadi mapigo yakome. Ikisimama sekunde ya saba, pakiti hutoka na gramu 700, na mashine huonyesha kuwa kazi imekamilika.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pakiti 20 zipimwe moja baada ya nyingine. Zikipungua zote kwa kiasi kinacholingana, mota haina kosa. Unga umebadilika uzito au mashine imepangwa vibaya. Nyingi zikiwa sawa na moja moja ikaanguka ghafla, mota inasimama au kuna kitu kinateleza. Mstari wa rangi uchorwe kuanzia kwenye shafti ya mota hadi kwenye kiungo chake na parafujo. Mstari ukikatika, kilichoteleza ni kiungo, na dawa yake ni kukaza skrubu.

Ikithibitika kuwa ni mota, dawa rahisi ni kupunguza kasi, kwa sababu nguvu ya mota ya hatua hupungua kadiri inavyokwenda mbio. Aidha, ianze taratibu ndipo iongeze mwendo, na unga uchekechwe kabla ya kumiminwa.

Kupunguza kasi kwa nusu kunafanya pakiti ichukue sekunde 20. Kikundi kinachopaki pakiti 200 kwa siku kitaongeza kama nusu saa tu ya kujaza. Kukiuzia kikundi hicho mota mpya ni kukipotezea fedha. Lakini mwenye pakiti 2,500, ambazo kwa kasi ya kwanza huchukua takriban saa saba, atahitaji karibu saa 14. Huyo hawezi kupunguza mwendo, na kwake mota yenye enkoda ina maana.

Enkoda ni kifaa kinachokaa kwenye shafti na kuripoti mahali mota ilipo. Mota ikibaki nyuma, mashine huongeza umeme na kuivuta ifikie hesabu. Ikishindwa, husimamisha kazi na kutoa ishara. Hata hivyo, enkoda haiongezi misuli ambayo mota haina. Mota ndogo kuliko kazi yake itabaki ndogo, ila sasa italalamika.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba enkoda inaona shafti, haioni unga. Pipa la juu likikaribia kuisha, au unga wa leo ukiwa mwepesi kuliko wa jana, parafujo itazunguka mara 50 kamili na pakiti bado itapungua. Anayesumbuliwa na hilo anahitaji mizani chini ya mfuko, inayoiambia mashine isimame uzito ukitimia. Mwenye mizani ya namna hiyo, hata stepa ya kawaida ikipoteza hatua chache, pakiti itachelewa kidogo kujaa lakini itatoka na kilo yake.