Hiyo "niaje wasee" inakula sekunde zako

Mimi nasema salamu itolewe mwanzo wa video. Msee anayeskroli ndani ya matatu ya kwenda Kisii hajakujua bado, na kidole kiko tayari kusukuma.

Jamaa yangu wa hapa Nyaramba alienda Tabaka, kule wanachonga mawe ya sabuni, akarekodi klipu ya dakika moja. Picha safi kabisa. Lakini ilianza na yeye kando ya barabara: "Niaje wasee, karibuni tena, kabla tuanze usisahau kusabuskraibu." Sekunde tisa, na jiwe hatujaona.

Tulikaa tukaikata upya. Ndani ya klipu kulikuwa na kitu kitamu: jiwe likisuguliwa msasa hujaa vumbi jeupe, halafu likizamishwa majini, rangi ya waridi na mishipa yake inatokea. Hiyo ikawa ndoano, sekunde mbili za mkono, beseni na jiwe linalobadilika. Hakuna maneno. Tulionyesha mgongo tu wa hicho kinyago, sura tukaificha.

Lakini ndoano inasimamisha kidole tu. Kinachomfanya mtu abaki ni ahadi, na yetu ilikuwa sentensi moja: "Hili lilikuwa bonge la jiwe asubuhi, ona vile panga inalifanya kiboko." Tuliiandika pia kwenye skrini, juu wengi hutazama bila sauti. Sekunde ya sita, panga tayari inapasua jiwe. Usiahidi panga halafu ulete historia ya Tabaka. Hiyo historia inaweza kuingia baadaye, fundi akiendelea kuchonga.

Ndiyo maana sipendi ile ya kupiga kelele "hutaamini!" Nisiamini nini? Hapo kuna ndoano bila ahadi, na mtu haoni anangojea nini.

Usidanganywe na idadi ya views. Tangu Machi 31, 2025, YouTube huhesabu view ya Shorts mara tu video inapoanza kucheza, hata mtu akiisukuma saa hiyo hiyo. Angalia takwimu za Shorts yako, ukaone wangapi walibaki na wangapi waliisukuma. Halafu fungua grafu ya watazamaji. Mstari ukiporomoka sekunde mbili za kwanza, ndoano ndiyo mbovu. Ukishikilia hapo halafu uanguke kwenye ya saba au ya nane, wamesikia ahadi lakini hawaoni ikianza kutimizwa. Hapo kata kile kilicho katikati, usiguse mwanzo.

Na kama video yenyewe haina kitu kinachobadilika, hakuna mwanzo utaiokoa. Rudi ukarekodi. Ile salamu, kama lazima, weka mwisho kiboko akishapakwa nta.