Pale Aya Mbili Zinapofanana



Katika mtihani wa kuhifadhi tuliousimamia msikitini kwetu, hapa Kaagya, kijana mmoja aliisoma Juzuu ya kwanza kwa sauti nzuri bila ya kusita, akaimaliza mapema mno. Baba yake alikuwa akitabasamu. Sisi tuliokuwa na misahafu mikononi tulikuwa tumekwisha kuinamisha vichwa: kijana alikuwa ameruka aya 75, wala hakujua.

Mahali pa kosa hilo panajulikana. Katika Suratul Baqara, aya ya 47 na ya 122 ni sawa neno kwa neno. Zinazozifuatia, ya 48 na ya 123, nazo huanza sawa, kisha hutengana katikati. Ya 48 hutanguliza neno shafaa, yaani uombezi, na adli, yaani fidia, huja nyuma yake. Ya 123 hutanguliza adli. Baada ya 48 inafuata habari ya Firauni. Baada ya 123, habari ya Nabii Ibrahim. Atakayetamka adli akiwa katika ya 48, ulimi utamfikisha kwa Ibrahim, na karibu nusu ya juzuu imepotea. Akikosea kinyume chake, atarudi kwa Firauni na kuanza kuzunguka.

Kuirudia juzuu nzima mara kumi hakuliondoi kosa hili, kwani ulimi umezoea njia zote mbili na hauna alama ya kuzitenganisha. Alama yenyewe ni nyepesi: katika alfabeti ya Kiarabu, shini hutangulia aini. Basi aya iliyotangulia huanza na shafaa, na iliyofuata huanza na adli. Hii si kanuni ya Qur'ani nzima. Ni kigingi cha jozi hii tu, na kila jozi hutafutiwa chake.

Aliye mgeni wa aya hizi asizihifadhi siku moja. Aiimarishe kwanza ya 48, akiisoma daima kuanzia 46 hadi 49, ili Firauni ashikamane nayo. Ya 123 aifanye vivyo hivyo, kuanzia 121 hadi 124. Zikishatulia zote mbili ndipo aziweke pamoja. Msahafu wa Madina humsaidia mwenye kumbukumbu ya macho: ya 48 hufunga ukurasa, lakini ya 123 imo katikati ya ukurasa wake.

Mama asiyesoma Kiarabu naye aweza kumpima mwanawe jioni, ndizi zikiwa jikoni. Amwambie, “Nisomee kuanzia 121,” asikilize neno linalotangulia, kisha asubiri jina: Ibrahim au Firauni? Kesho yake aanzie 46. Mtoto akisimama kufikiri, amwache. Kusita hapo ni dalili kwamba ameiona njia panda. Tunayemhofia ni yule apitaye mbio.