Kichwa Kinapomuuma Mjamzito

Mama mpenzi, tuseme una mimba ya miezi 7, uko nyumbani Mbweni, na kichwa kinagonga tangu asubuhi. Kunywa maji, ulale kidogo. Kisipotulia, meza panadoli 2 za miligramu 500, na usirudie kabla ya masaa 6 kupita. Diklofenaki na brufeni, ambazo majirani hupeana kama karanga, ziache. Zaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto.

Je, panadoli imeshindwa, macho yaona vimulimuli, au chembe ya moyo yauma? Usingoje siku ya kliniki. Nenda Mnazi Mmoja leo leo, hata usiku, upimwe presha na mkojo. Presha ikifika 140/90 imepanda; 160/110 ni dharura, kifafa cha mimba chaweza kufuata. Hata aliyekwisha kujifungua asidharau dalili hizi.