Video ya Malaria Ianzie Mkekani

Video nyingi za kuelimisha familia kuhusu malaria hufunguka kwa picha ya mbu aliyekuzwa hadi akajaa kioo, kisha anakuja daktari mwenye koti jeupe. Dakika mbili zimekwisha, na mtazamaji hajaoneshwa jambo asilolijua. Mama wa Tanzania aliyepewa chandarua kliniki akiwa mjamzito ameshaambiwa kwamba mbu ndiye anayeleta malaria. Anachohitaji kuoneshwa ni namna ya kukifunga chandarua hicho katika chumba ambacho mchana ni sebule na usiku watoto watatu wanalala humo juu ya mkeka. Kwa maoni yangu, skripti ianzie hapo.

Kitanda cha kwenye video huwa cha mbao, chenye nguzo nne za kufungia kamba. Chumba chetu hakina nguzo, kwa hiyo kamera ioneshe misumari minne ukutani na kamba ndefu zinazofika hadi kwenye pembe za chandarua. Kisha ishuke chini na kutulia kwenye pindo. Pindo lazima lifike sakafuni na kubaki la kutosha kuchomekwa chini ya mkeka pande zote. Chandarua kikivutwa sana, goti la mtoto hugusa wavu usiku, na mbu humuuma kupitia matundu bila kuingia ndani. Asubuhi kikunjwe na kufungwa juu ili kisichanwe na viti. Jioni kaka mtu akishushe mapema, kabla mdogo wao hajasinzia. Aliyekaa barazani saa tatu usiku chandarua hakimkingi, na video isijifanye kwamba kinamkinga.

Siku ya kwanza ya chandarua nayo inastahili onyesho lake. Chandarua kipya chenye dawa kikitolewa kwenye mfuko na kutumika usiku huohuo, kinaweza kuwasha ngozi na macho, na wapo wanaokiacha kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ni kukitundika kivulini siku moja, usiku na mchana. Kivulini, kwa sababu jua linaharibu kiuatilifu. Hata kikifuliwa, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, bila jiki, na kianikwe kivulini.

Sehemu ya homa ndiyo inayoandikwa kwa haraka mno. Mwigizaji anamshika mtoto paji la uso, anakimbilia zahanati, anapewa dawa, mtoto anacheza mpira. Yaliyo magumu yote yamerukwa.

Chukua mtoto wa kilo 12 aliyeanza kuchemka usiku. Kesho yake, kabla saa 24 hazijapita tangu homa ianze, mama anafika zahanati, anakaa foleni, na mtoto anatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka. Majibu yanatoka baada ya dakika 15 hadi 20: ana malaria, isiyo kali. Anapewa dawa mseto, vidonge sita, kimoja kila dozi kwa siku tatu. Dozi ya kwanza anameza palepale, saa kumi jioni. Ya pili ni baada ya saa nane, yaani saa sita usiku. Katika skripti nyingi dozi ya kwanza ni ya asubuhi, na tatizo hili halionekani kabisa. Mama aoneshwe akiamka usiku huo, akimpa mtoto maziwa au uji wenye karanga, kwa kuwa dawa hii hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta, kisha kidonge. Kuanzia hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe, na mama arudi zahanati kupewa kidonge cha kufidia.

Siku ya pili joto limeshuka na mtoto anaomba chakula. Hapo ndipo mama anaweza kuweka vidonge vilivyobaki kabatini, amtunzie mdogo wake. Onyesho hili lipewe muda mrefu kuliko mengine. Muuguzi awe amemwambia mapema: “Mama, kesho atachangamka. Bado ana vimelea, usiache dawa.”

Vilevile iwepo familia ya pili, ambayo kipimo kinaonesha hakuna malaria. Mzazi asiyeandaliwa kwa jibu hilo anaweza kwenda kununua dawa mseto dukani. Aone muuguzi akihesabu pumzi za mtoto, maana huenda homa ni ya nimonia, nayo inatibiwa kwa dawa nyingine.

Degedege itajwe kwa jina lake hilo. Wapo wanaoihusisha na mashetani, na saa zinapotea kwa mganga. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe kituo cha afya mara moja. Hata bila degedege, apelekwe vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea asiamke.

Kuna zahanati zinazoishiwa vipimo. Waandaaji wa video huogopa kulisema hilo, lakini familia inakutana nalo. Sentensi moja inatosha: vipimo vikikosekana, mama aulize kituo gani cha jirani kinavyo na aende huko siku hiyohiyo, bila kumpa mtoto nusu dozi akisubiri.